Wiki ambayo benki za Nairobi zilishuka pamoja: modeli ya fahirisi moja ilivyopima hatari nusu nusu

Jumatano ya tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki za Kenya kutoza riba ya mkopo inayozidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo kikomo kikawa 14.5, na wakati huo wastani wa riba ya mikopo ulikuwa karibu 18. Mwekezaji hakuhitaji kikokotoo kujua faida ya benki inaelekea wapi. Kesho yake hisa za benki ziliporomoka kwa pamoja kwenye Soko la Hisa la Nairobi, za benki imara na za benki dhaifu. Sheria hiyo haikuwa na neno na kampuni ya simu, wala na kampuni ya bia.

Nataka kuitazama wiki hiyo kwa macho ya meneja wa mfuko wa pensheni anayepima hatari ya jalada lake, yaani mkusanyiko wa hisa anazoshikilia, kwa modeli ya fahirisi moja. Namba za jalada nitakazotumia ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa kwa kalamu. Tabia zinazoonyesha ni za soko lenyewe.

Kwanza, kwa nini meneja huyo aitumie modeli hii? Nairobi ina kampuni sitini na kitu zilizoorodheshwa. Tuseme ni 60. Ili ujue hatari ya jalada lolote la hisa hizo unahitaji variansi ya kila hisa, yaani kadiri mapato yake yanavyotawanyika, pamoja na kovariansi ya kila jozi, yaani kadiri hisa mbili zinavyopanda na kushuka pamoja. Variansi ni 60, jozi ni 1,770, jumla 1,830. Ukiwa na rekodi ya mapato ya kila mwezi kwa miaka mitatu, una vipindi 36 tu vya kukadiria namba hizo zote. Tatizo haliishii kwenye uchovu. Vipindi vikiwa vichache kuliko hisa, matriksi inayotoka, yaani jedwali la namba hizo, haiwezi kupinduliwa, na kompyuta inayosaka mgawanyo bora wa fedha kati ya hisa itakuonyesha jalada ambalo kwenye karatasi halina hatari kabisa. Jalada hilo halipo duniani. Ni kelele za takwimu zilizojipanga vizuri kwa bahati.

Harry Markowitz alipoweka msingi wa hesabu hizi mwaka 1952, mzigo huo ndio ulioifanya kazi yake ibaki kwenye ubao wa darasani. William Sharpe, aliyemfuata kwa ushauri kule kwenye taasisi ya utafiti ya RAND, California, alichapisha njia ya mkato mwaka 1963. Kwa hisa 100, ukihesabu na wastani wa mapato ya kila hisa, njia kamili ilidai makadirio 5,150. Njia ya Sharpe ilidai 302. Kwenye kompyuta ya IBM 7090, kazi ya hisa 100 iliyochukua dakika 33 ilikwisha kwa sekunde 30 hivi. Leo muda wa kompyuta si hoja tena, lakini uhaba wa data uko palepale, na kwa soko changa uhaba huo ni mkubwa zaidi.

Mkato wenyewe ni huu. Unasema mapato ya kila hisa yana sehemu mbili: moja inayofuata soko zima, na nyingine iliyo ya kampuni hiyo peke yake.

```
R_i = a_i + b_i * R_m + e_i
```

`R_i` ni mapato ya hisa, na `a_i` ni kiasi chake kisichobadilika. `R_m` ni mapato ya fahirisi ya soko, yaani kipimo kimoja cha bei za hisa zote kwa pamoja. `b_i` ni beta, yaani hisa inaitikia mara ngapi soko linapotikisika. `e_i` ni mabaki: habari za kampuni hiyo tu, kama mkurugenzi kujiuzulu, kiwanda kuungua au gawio kukatwa. Kisha unaweka sharti moja zito: mabaki ya kampuni moja hayana uhusiano na mabaki ya kampuni nyingine. Ukilikubali, kovariansi ya jozi yoyote inakuwa beta ya kwanza mara beta ya pili mara variansi ya fahirisi, basi. Kwa hisa 60 unahitaji beta 60, variansi za mabaki 60, na variansi moja ya fahirisi. Namba 121 mahali pa 1,830.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa ofisini huithamini kuliko hesabu. Mchambuzi wa benki hajui lolote la maana kuhusu jinsi benki fulani inavyotembea na kiwanda cha saruji, na mchambuzi wa saruji naye vivyo hivyo. Kwa modeli hii hakuna anayeulizwa swali hilo. Kila mmoja anatazama hisa zake dhidi ya fahirisi, anakabidhi beta na variansi ya mabaki, na fomula inaunganisha.

Sasa jalada. Asilimia 25 iko kwenye kampuni ya simu, asilimia 20 kwenye kila moja ya benki tatu, na 15 iliyobaki kwenye kampuni ya bia. Fahirisi ina mkengeuko sanifu, yaani kipeuo cha pili cha variansi, wa asilimia 2 kwa wiki, kwa hiyo variansi yake ni 4. Beta ya simu ni 1.2, za benki A, B na C ni 0.9, 1.0 na 0.8, ya bia ni 0.4. Mkengeuko sanifu wa mabaki ni asilimia 2 kwa simu, 3 kwa kila benki, na 4 kwa bia.

Beta ya jalada ni wastani wa beta hizo kwa uzito wake, nayo inatoka 0.90. Sehemu ya hatari inayotokana na soko ni 0.90 mara 0.90 mara 4, sawa na 3.24. Kwa mabaki, unazidisha mraba wa uzito na variansi ya mabaki ya kila hisa: simu inatoa 0.25, kila benki 0.36, bia 0.36. Jumla yake 1.69. Hatari yote ni 4.93, mkengeuko sanifu wa asilimia 2.22 kwa wiki. Meneja anaandika namba hiyo kwenye ripoti ya wadhamini, na kila aliyeipitia hesabu anaona iko sawa. Hesabu kweli iko sawa.

Rudi kwenye wiki ya sheria ya riba. Tuseme fahirisi imeshuka asilimia 3 na benki zote tatu zimeshuka 12. Kwa beta zao, modeli ilitarajia zishuke kati ya 2.4 na 3. Kila moja imebaki na mabaki ya takriban hasi 9, yaani mara tatu ya mkengeuko wake. Jambo hilo kwa hisa moja ni nadra lakini linatokea: kwa mgawanyo wa kawaida wa takwimu, mara moja au zaidi kidogo katika wiki 1,000. Kwa hisa tatu zisizohusiana kutokea wiki moja, ni mara moja katika wiki milioni 400 hivi, sawa na miaka milioni saba na ushei. Modeli inayokuambia tukio la Agosti 2016 hutokea kila miaka milioni saba haikukosea kidogo kwenye beta. Sharti lake limevunjika.

Tuliweke sharti hilo kando tuone. Chukua kwamba mabaki ya benki zile tatu yana korelesheni ya 0.5 kati yao, kwa kipimo cha uhusiano ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kutembea pamoja kabisa. Kila jozi ya benki inaongeza kovariansi ya mabaki ya 4.5, na jozi ni tatu. Ukizipima kwa uzito wa jalada unapata nyongeza ya 1.08. Hatari inapanda kutoka 4.93 hadi 6.01, mkengeuko sanifu kutoka 2.22 hadi 2.45. Mtu anaweza kusema asilimia kumi si kitu. Tazama jozi moja basi. Kwa modeli, korelesheni ya benki A na benki B ni 0.285. Ukiingiza mabaki yanayohusiana inakuwa 0.64. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu programu inayosaka mgawanyo bora inasoma jozi. Ikiona benki mbili zenye korelesheni ya 0.285, inakushauri uzinunue zote mbili, na ya tatu pia, kwa jina la kutawanya hatari. Asilimia 60 kwenye benki haikuja kwa uzembe wa meneja. Inaweza kabisa kuwa ndiyo jibu la modeli.

Mpaka hapa nimesema jambo ambalo wengi wa fani hii wanalijua: sekta ina habari zake, na fahirisi moja haizioni. Kasoro ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ni ya masoko kama letu na vitabu vingi vinaipita haraka.

Fahirisi ya hisa zote za Nairobi, NASI, hupima kila hisa kwa thamani yake sokoni. Safaricom ina hisa takriban bilioni 40. Mwaka 2016, kwa bei ya karibu shilingi 20, thamani yake ilikuwa kama bilioni 800 katika soko la takriban trilioni 2. Hizo ni sehemu mbili kwa tano za soko zima, na kufikia 2021 ilikuwa imevuka nusu. Maana yake ni kwamba unapokadiria beta ya Safaricom dhidi ya NASI, kwa kiasi kikubwa unaipima Safaricom dhidi ya Safaricom.

Na kuna mtego wa aljebra ndani yake. Fahirisi ni jumla ya hisa zake kwa uzito wake. Kwa hiyo mabaki yote, ukiyajumlisha kwa uzito uleule, lazima yawe sifuri. Kwenye fahirisi ya Marekani yenye hisa 500, ambamo hata kampuni kubwa kabisa ni sehemu ndogo, sharti la mabaki yasiyohusiana linavunjwa kidogo mno na hakuna anayejali. Lakini kampuni moja ikiwa nusu ya fahirisi, mabaki yake lazima yawe kinyume kamili cha mabaki ya soko lililobaki. Yakipanda haya, yale yanashuka kwa kiasi kilekile. Huwezi kusema hayahusiani. Yamefungwa pamoja na hesabu yenyewe.

Namba zionyeshe. Gawa soko mara mbili sawa: kampuni kubwa moja, na hisa nyingine zote kama kundi. Kampuni kubwa ina mkengeuko wa asilimia 4 kwa wiki, kundi lina 2, na korelesheni yao ya kweli ni 0.25, hivyo kovariansi yao ni 2. Fahirisi, ikiwa nusu kwa nusu, inapata variansi ya 6. Ukikokotoa, beta ya kampuni kubwa ni 1.5 na ya kundi ni 0.5. Modeli sasa inasema kovariansi yao ni 1.5 mara 0.5 mara 6, sawa na 4.5. Ukweli ni 2. Korelesheni inayosomwa na programu ni 0.56 mahali pa 0.25. Ile tofauti ya 2.5 ndiyo variansi ya mabaki ya kampuni kubwa, ambayo modeli imeamua kuisahau.

Ukitazama matokeo ya rigresheni, yaani hesabu inayokadiria beta, utadanganyika zaidi. Fahirisi inaeleza asilimia 84 ya mtikisiko wa kampuni kubwa, kiwango ambacho kwenye ripoti huonekana kama ushahidi kwamba modeli inafanya kazi. Kwa kundi lililobaki inaeleza asilimia 37.5. Hisa inayoonekana kueleweka vizuri kuliko zote ndiyo inayojieleza yenyewe.

Ziweke kasoro hizi mbili pamoja. Ya kwanza inapunguza uhusiano wa benki na benki. Ya pili inaongeza uhusiano wa simu na benki. Zinavuta pande tofauti, kwa hiyo katika jalada lenye vyote viwili zinaweza kufutana kwenye jumla. Meneja akilinganisha mkengeuko aliotabiri na ule uliotokea mwaka mzima, anaweza kukuta vinakaribiana na akaridhika. Ukaguzi wa jumla ya jalada hautoshi kabisa kwenye soko la namna hii. Lazima ufungue mabaki yenyewe.

Kuyafungua si kazi kubwa. Ukiwa na mapato ya wiki ya hisa kwenye `R`, safu wima moja kwa kila hisa, na mapato ya fahirisi kwenye `m`, mistari hii inatosha:

```python
import numpy as np
b = np.array([np.cov(r, m)[0, 1] / m.var(ddof=1) for r in R.T])
E = R - R.mean(0) - np.outer(m - m.mean(), b)
print(np.corrcoef(E.T).round(2))
```

Kinachochapishwa ni korelesheni za mabaki. Kama sharti linashika, kila namba nje ya ulalo inapaswa kuzunguka sifuri. Kwa wiki 104 za data, kosa la sampuli ni karibu 0.1, kwa hiyo namba za 0.15 hapa na pale zisikutie wasiwasi. Panga hisa kwa sekta kabla ya kuchapisha. Ukiona kisanduku cha benki kimejaa 0.4 na 0.5, na safu wima ya kampuni kubwa imejaa namba hasi kuanzia juu hadi chini, umeziona kasoro zote mbili kwenye jedwali moja. Safu ile ya hasi watu huifurahia, wakidhani kampuni kubwa ni kinga ya asili dhidi ya hisa nyingine. Ni aljebra tu.

Jambo moja la data kabla ya tiba. Hisa nyingi za Nairobi hazibadilishi mikono kila siku. Siku isipouzwa, bei ya jana inaandikwa tena na mapato yanasomeka sifuri, hata kama soko limetikisika. Ukitumia data ya kila siku, beta ya hisa hiyo itatoka ndogo mno, na uhusiano wake na wenzake utaonekana haupo. Ndiyo sababu mifano yangu yote ni ya wiki. Hata kwa wiki, hisa zilizolala zinahitaji kupimwa pia dhidi ya fahirisi ya wiki iliyopita, kisha beta mbili zijumlishwe, njia ambayo Elroy Dimson aliieleza mwaka 1979. Usipofanya hivyo, programu ya mgawanyo bora itazipenda hisa zisizouzika, kwa sababu zinaonekana tulivu.

Meneja wetu afanye nini? Anaweza kurudi kwenye matriksi kamili ya namba 1,830, lakini hana data ya kuibeba. Nadhani afadhali aongeze kidogo tu pale ambapo mabaki yamemwonyesha. Kwa benki, aunde fahirisi ya pili ya sekta, aondoe ndani yake sehemu inayofuata soko, kisha kila benki ipewe mwitikio wake kwa fahirisi hiyo. Kovariansi ya benki mbili sasa inapata kipande cha pili: mwitikio wa moja mara wa nyingine mara variansi ya fahirisi ya benki. Kama benki ni 12, ameongeza namba 13. Kutoka 121 amefika 134.

Kwa kampuni kubwa, aitoe kwenye fahirisi. Soko lipimwe kwa hisa nyingine zote, na kampuni hiyo ipewe beta yake dhidi ya soko hilo kama hisa yoyote. Katika mfano wangu wa nusu kwa nusu, beta yake inashuka kutoka 1.5 hadi 0.5, na kovariansi na kundi inatoka 2 sawasawa, bila kuongeza hata namba moja. Bei yake ni kwamba fahirisi anayotumia si tena ile inayotangazwa kwenye taarifa ya habari, na wadhamini watauliza kwa nini beta ya kampuni hiyo imekuwa theluthi ya ile wanayoisoma magazetini. Ajiandae kuwaeleza kwa mfano uleule wa namba nne.

Wenye programu nzuri wana njia ya tatu: kuchanganya matriksi ya data ghafi na ile ya fahirisi moja kwa uzito unaokokotolewa, kama Olivier Ledoit na Michael Wolf walivyopendekeza mwaka 2003. Inasaidia sana pale data ghafi ina kelele. Lakini ukichanganya na fahirisi ambayo nusu yake ni kampuni moja, unaivuta matriksi yako kuelekea kosa nililolionyesha, kwa hiyo hatua ya kuitoa kampuni kubwa inatangulia.

Na kuna kitu ambacho hakuna hata njia moja kati ya hizi inayokimaliza. Kama meneja angekadiria fahirisi ya benki kwa data ya wiki tulivu zilizotangulia Agosti 2016, angepata variansi ya nyakati tulivu, na pigo la sheria lingemshtua bado. Tofauti ni kwamba sasa pigo hilo lingekuwa moja, kwenye fahirisi ya benki, si miujiza mitatu iliyogongana wiki moja. Angeweza kuuliza mapema: fahirisi ya benki ikishuka asilimia 9 peke yake, jalada linapoteza kiasi gani? Kwa asilimia 60 kwenye benki zenye mwitikio wa moja, jibu ni asilimia 5.4, kabla hata soko lenyewe halijatikisika. Sheria ya riba ilifutwa Novemba 2019, na siku hizo hisa za benki zilitembea pamoja tena, safari hii kwenda juu.